Acheni kumjibu "weka Shazam" kila anayeulizia wimbo!

Wakuu, jibu hili limenichosha. Mtu anabandika kipande cha miksi ya zilipendwa, dijei kaikimbiza na anapiga kelele juu yake, anauliza wimbo unaitwaje. Mnamjibu "weka Shazam". Keshaweka! Imekaa kimya na itazidi kukaa kimya.

Shazam haifuati melodia. Inaokota vilele vya sauti, inapima viko wapi na vinapishana kwa muda gani, halafu inatafuta rekodi ileile. Dijei akiongeza kasi, vilele vyote vimehama. Bendi ikiurudia jukwaani, hiyo ni rekodi nyingine. Kuuimba kwa mdomo ndiyo usiseme.

Na nyie mnaopandisha miksi za saa nzima bila orodha ya nyimbo, mna roho mbaya.

Konda_Mstaafu: Tatizo ni kelele za daladala tu. Sogeza simu kwenye spika.

Fundi Kinanda: Kusogeza kunasaidia, lakini kelele si adui mkubwa, maana vilele vyenye nguvu hubaki. Kasi ndiyo inayoua. Rekodi sekunde 20 ambazo dijei haongei, fungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, chagua Change Speed and Pitch. Kama unahisi kaongeza asilimia 5, weka 0.952, kwa sababu 1 gawanya kwa 1.05 ndiyo hiyo. Kisha ichezee Shazam upya. Msipunguze kasi kwa kitufe cha YouTube: pale mwendo unashuka ila sauti inabaki juu vilevile.

Konda_Mstaafu: Mbona mimi cha YouTube kilikubali?

Fundi Kinanda: Basi dijei wako alifunga sauti isipande, akaongeza mwendo peke yake. Wapo wa hivyo. Sikiliza mwimbaji: akiwa na kisauti chembamba kama cha mtoto, nenda Audacity.

Mama Zuhura: Mie sina miksi, nina wimbo kichwani. Unasema "rudi mpenzi, moyo unaumia". Nimeutafuta wiki nzima.

Mleta uzi: Dada yangu, hayo maneno yamo katika nusu ya nyimbo za dunia. Huna jina la mtu au la mji kwenye beti? Hilo ndilo uliweke ndani ya alama za kunukuu.

Fundi Kinanda: Au auvumishe. Programu ya Google ina kutafuta kwa kuvumisha tangu 2020: gusa maikrofoni, chagua kutafuta wimbo, vumisha sekunde 10 hadi 15. Fuata sauti ya mwimbaji kwenye kiitikio, usirukie gitaa katikati. Yenyewe inalinganisha melodia, hata ukikosea ufunguo haijali.

Mama Zuhura: Imeniletea nyimbo tatu, ya juu asilimia 31. Zote sizo.

Konda_Mstaafu: Na mimi ile 0.952 imegoma. Nimejaribu 0.94, nayo kimya.

Fundi Kinanda: Jaribu 0.97. Ikigoma nayo, huenda rekodi haimo kabisa kwenye hazina yao. Mama Zuhura, vumisha ubeti badala ya kiitikio.