Tupeane uzoefu: jina, bango na mwonekano wa chaneli mpya ya YouTube

Mwanzisha mada, Moshi: Habari zenu wadau. Binamu yangu wa Kibosho amefungua chaneli ya kufundisha utunzaji wa mibuni. Bango lake linapendeza kwenye kompyuta, lakini kwenye simu jina limekatwa kushoto na kulia. Mlioanzisha chaneli, ninyi mlifanyaje?

Fundi picha, Arusha: Picha ya bango ni moja, ila kila kifaa huikata kivyake: televisheni huionyesha karibu yote, ilhali kompyuta na simu hubakiza utepe wa katikati tu. Nilipomtengenezea mteja wa kahawa, nilianza na picha ya pikseli 2048 kwa 1152, ambayo eneo lake salama ni 1235 kwa 338, hapo katikati kabisa. Ukipiga hesabu utaona kwamba nje ya eneo hilo hubaki takriban pikseli 407 kila upande, juu na chini pia, kwa hiyo nilichora fremu kwa kipimo hicho kimoja, nikaweka jina na sentensi moja ndani yake, kisha mlima na migomba nikaviachia nje, kwa kuwa vikikatwa hakuna anayepoteza kitu. Faili lisizidi MB 6.

Mama Njiro: Mimi naona mnahangaika bure, kwani jina hubadilishwa wakati wowote.

Fundi picha, Arusha: Hubadilishwa, mama yangu, lakini mara mbili tu ndani ya siku 14. Tena kubadilisha jina hakubadilishi lile linaloanza na @, ambalo pengine umeshalichapisha kwenye vipeperushi.

Mzee wa Himo: Bango langu la duka nililichapisha kwenye turubai, na sasa jua limelifubaza. Je, hilo la kwenu hudumu muda gani?

Mwanzisha mada, Moshi: Shikamoo mzee. Hili letu ni la kwenye skrini tu, jua halilifikii.

Mwalimu, Sanawari: Mimi naongezea picha ya wasifu. Hukatwa duara, na kwenye maoni huonekana ndogo mno, hivyo maneno hayasomeki. Kwa mibuni ningeweka tunda moja jekundu juu ya kijani. Rangi hizo hizo na mwandiko huo huo ndizo ninazozirudia kwenye picha ya jalada la kila video, nikiiacha wazi kona ya chini kulia kwa sababu hapo ndipo YouTube huandika muda wa video. Maelezo ya chaneli huishia herufi 1000, ila mimi huutolea jasho mstari wa kwanza, kwani ndio unaoonekana kabla mtu hajabofya: chaneli inafundisha nini, nani anafundishwa, na video hutoka siku gani.

Mwongoza watalii, Moshi: Jina liwe la Kiingereza, maana wageni ndio watazamaji.

Mwalimu, Sanawari: Wageni hawapogoi mibuni, kaka.

Mwongoza watalii, Moshi: Lakini wanainunua kahawa yake.

Mwanzisha mada, Moshi: Hapo ndipo hata nyumbani tunapobishana. Fremu ya 407 ataichora leo. Suala la lugha bado nalisubiri kutoka kwa wengine wenye chaneli za kilimo.