Naomba ushauri: wasifu wa mtafiti maneno 640, natakiwa maneno 100

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada hapa nimekwama. Niko Kigoma, nimepewa kazi ya kuandaa ratiba ya kongamano la uvuvi, sasa kuna mtafiti mmoja katuma wasifu wake una maneno 640 na nafasi kwenye ratiba ni maneno 100 tu. Umeanza na "Nilizaliwa mwaka 1974, nikasoma shule ya msingi...", unapita semina zote alizohudhuria, na kile hasa anachokuja kuongelea, yaani dagaa wanaoanikwa kwenye chanja badala ya mchangani, kimejificha aya ya tano huko.

Nimejaribu kubadili "nili" kuwa "ali" na kufuta semina, nikafika 310, ila inasomeka kama tanzia jamani, alizaliwa, alisoma, aliajiriwa. Nikaanza upya na kazi ya sasa: "Dkt. fulani ni mtafiti wa samaki mjini Kigoma. Anachunguza jinsi uanikaji unavyopunguza mchanga na uharibifu kwenye dagaa wa Ziwa Tanganyika." Hapo imekaa vizuri, maneno 20 tu, shida ni kinachofuata.

Maswali yangu mawili: kwenye digrii zake tatu niache ile ya uzamivu peke yake au zote? Na makala zake 14, nitaje idadi tu au nichague moja inayohusu mada yake? Mzee mwenyewe ni mkali kidogo, nataka nimrudishie aipitie nikiwa na sababu.