Muuzaji anasema ni A52s ya GB 256. Nihakikisheje kabla sijalipa?

Mwana_Kayole: Wadau, nisaidieni. Nimepata Samsung A52s 5G iliyotumika, GB 256, ramu 12, kwa shilingi 21,000. Tunakutana kesho Moi Avenue. Amenitumia picha ya About phone na juu imeandikwa "Galaxy A52s 5G". Inatosha?

Fundi_Luthuli: Haitoshi, ndugu yangu. Hilo jina la juu ni la kujiandikia. Bonyeza Edit, andika hata "Galaxy S24", litakaa. Wewe shuka hadi Model number. A52s ni SM-A528B. Ukikuta SM-A525F, hiyo ni A52 ya 4G. Kwa umbo ni kama pacha, lakini 5G haina na chipu yake ni dhaifu zaidi. Picha imekatwa wapi?

Mwana_Kayole: Imeishia palepale kwenye jina.

Mzee_wa_Laini: Mnajisumbua. Piga *#06#, kila kitu kitajulikana.

Fundi_Luthuli: Mzee, hiyo itakupa IMEI, na ni vizuri ilingane na ile ya About phone. Lakini haitakuambia simu ina GB ngapi. Ramu nayo ichunguze: A52s kubwa kabisa ilitoka na 8. Hiyo 12 inatoka kwa RAM Plus, ambayo huazima nafasi ya uhifadhi. Inaweza kuwa 8 na 4 ya kuazima, au 4 na 8 ya kuazima, na hizo ni simu mbili tofauti kabisa kwa kasi. Ingia Battery and device care, kisha Memory, usome mwenyewe.

Mama_Nia: Mimi yangu ilikuwa na namba zote sawa. Wiki mbili baadaye ikajifunga, kumbe mwenyewe aliichukua kwa mkopo wa kulipa polepole na hakumaliza. Hiyo mtaijuaje?

Mwana_Kayole: Nimetoka kukutana naye. Model number ni SM-A525F. Nikaenda kwenye mitandao ya simu, chaguo la 5G halipo. Uhifadhi wa ndani ni 128, ile nyingine ni kadi ya 128 aliyoichomeka kwenye trei ya laini. Ramu ni 8 kweli, 4 ni ya kuazima. Nilipomwonyesha akashusha hadi 16,000. Anasema naye aliuziwa hivyo.

Fundi_Luthuli: Inawezekana, hizi simu hupita mikono mingi. Kama kioo ni cha asili na betri inakaa, ipime bei kama A52 ya GB 128. Kadi usiihesabu.

Mama_Nia: Mimi singempa hata shilingi. Jina la juu halijiandiki lenyewe. Na swali langu la mkopo bado.

Fundi_Luthuli: Dada, angalia Device admin apps. Ukikuta programu ya mkopeshaji imewashwa na haikubali kuzimwa, rudisha simu. Usipoiona, bado siwezi kukuhakikishia. Mwombe risiti ya mwisho ya malipo.

Mwana_Kayole: Risiti hana. Nimemwambia anipe muda hadi Ijumaa.