Naomba ushauri: Nawezaje kupata chanzo cha picha ya watoto wawili waliokumbatiana?

Mti Mkavu (mleta mada)
Ndugu zangu, nimetumiwa kwa WhatsApp picha ya mvulana mdogo aliyemkumbatia dada yake mwenye hofu usoni, na maelezo yaliyoandikwa juu yake yanasema ni yatima wa mafuriko ya mwaka huu mkoani kwetu. Nimeiingiza kwenye Google Lens, nikaletewa nguo za watoto zinazouzwa madukani. Naomba kuelekezwa namna ya kufikia chanzo chake, ikiwezekana leo.

Bi Sauda
Mwanangu, yatima husaidiwa kwa sababu ni yatima. Anayetaka kutoa sadaka na atoe, picha haimzuii.

Fundi wa Mtaa
Ipeleke kwenye TinEye, tovuti ya kutafuta picha, kisha upange matokeo kwa "Oldest". Ya kwanza kwenye orodha ndiyo ya mwenyewe.

Kalamu Nyeusi
Ushauri wa Fundi ni mzuri kwa kuanzia, ila tarehe inayoonyeshwa na TinEye ni ya siku mtambo wao ulipoikuta picha hiyo mtandaoni, nayo inaweza kuwa miaka mingi baada ya kupigwa. Mleta mada, kata kwanza maandishi yote yaliyobandikwa juu ya picha, kisha kwenye Lens sogeza kingo za fremu zishike picha nzima, kwa sababu huenda imejichagulia nguo peke yake, ndiyo maana ukaletewa maduka. Halafu jaribu Yandex pia. Lakini kwa nini lazima iwe leo?

Mti Mkavu
Mimi ni mweka hazina wa kamati ya michango. Picha hiyo tayari ipo kwenye tangazo letu, na fedha zimeanza kuingia. Mafuriko ni ya kweli na waathirika wapo, kwa hiyo sioni kama tumemdanganya mtu hata picha ikiwa ya kwingine.

Mama Pendo
Mimi dalali alinitumia picha za nyumba ya kupanga. Mwanangu aliitafuta ile ya jikoni, akaikuta kwenye tangazo la hoteli ya nchi nyingine. Sikulipa hata senti.

Mpita Njia
Hadithi hii naitilia shaka. Picha ya watoto waliokumbatiana ni maarufu mno. Mweka hazina gani asiyewahi kuiona? Huyu anatafuta njia ya kutangaza mchango wake hapa.

Mti Mkavu
Sijaweka namba yoyote ya simu wala jina la kamati. Nimeikata kama nilivyoelekezwa, na sasa matokeo ni mengi: ukurasa mmoja unasema ni tetemeko la Nepal, mwingine Burma, mwingine Siria. Niamini upi?

Kalamu Nyeusi
Usiamini hata mmoja kati ya kurasa hizo tatu. Tetemeko hilo la Nepal lilitokea Aprili 2015, kwa hiyo nakala yoyote iliyokuwapo kabla ya hapo inatosha kulivunja dai hilo. Lakini ukikuta ukurasa wa zamani, ufungue uitafute picha ndani ya habari yenyewe, maana mara nyingi makala ya zamani huwa na picha mpya pembeni kwenye orodha ya habari nyingine, na mtafutaji akadhani picha ina umri wa makala. Baada ya hapo tafuta nakala kubwa na pana zaidi, kwa kuwa anayeiba picha huweza kuipunguza au kuikata, lakini hawezi kurudisha kilichokuwa nje ya fremu. Mwisho, tafuta jina la mpiga picha. Kama ni picha ninayoidhania, BBC walimfikia Mei 2015: ni Na Son Nguyen, aliyeipiga mwaka 2007 kijiji cha Can Ty, mkoa wa Ha Giang, kaskazini mwa Vietnam. Alieleza kwamba wazazi walikuwa shambani, binti akalia kwa kumwona mgeni, na kaka yake akamkumbatia.

Mti Mkavu
Nimeiona habari hiyo. Ni picha ileile, na nakala yetu imekatwa. Basi wale si yatima hata kidogo?

Kalamu Nyeusi
Kwa maelezo ya aliyewapiga, hapana. Aliiweka kwenye blogu yake, na watu wakaitungia visa vya mama aliyefariki na baba aliyewatelekeza.

Fundi wa Mtaa
Na aliyeandika habari ya mafuriko yetu tutampataje?

Kalamu Nyeusi
Kwa njia hii hatapatikana, kwani mitambo hii haiingii ndani ya magrupu ya WhatsApp. Aulizwe aliyemtumia mleta mada, na yeye amtaje aliyemtumia.

Mti Mkavu
Tangazo naliondoa usiku huu. Kuhusu waliokwisha kuchanga, kamati bado haijakubaliana. Mwenyekiti anasema fedha ni za mafuriko na zitafika kwa waathirika, kwa hiyo wasiambiwe.

Bi Sauda
Waambieni. Atakayetaka fedha yake arudishiwe.