Milioni 40 mwaka huu, milioni 20 mwakani: tuviache vizimba?

Mvuvi_Igombe: Wakuu, kikundi chetu cha watu 11 huku Igombe kina milioni 40 za mwaka huu na milioni 20 za mwakani, basi. Mkopo hatuutaki. Miradi iko minne, na nusu mradi haupo: ukiuanza unaumaliza. Namba ni kwa milioni, na NPV ni faida halisi ya mradi kwa thamani ya hela ya leo:

Vizimba vya sato: 15 sasa, 18 mwakani, NPV 15
Mashine ya barafu: 25 sasa, 6 mwakani, NPV 16
Boti ya kukusanya samaki visiwani: 15 sasa, 10 mwakani, NPV 9
Vichanja vya dagaa: 10 sasa, 4 mwakani, NPV 5

Mweka hazina anang'ang'ania vizimba. Mnashaurije?

Kapeto: Yuko sahihi. Gawanya NPV kwa hela ya mwaka huu: kwenye vizimba kila shilingi inazaa shilingi, hakuna mradi unaofikia hapo. Ongezeni barafu, 40 inaisha yote, NPV 31. Kazi imekwisha.

Dada_Nansio: Kuhusu dagaa, mimi vichanja vyangu mbalamwezi ikiwaka vinakaa vitupu, wavuvi wa taa wamelala. Nendeni na sato.

Hesabu_Nyakato: Kapeto, umesoma mwaka mmoja. Mwakani vizimba na barafu vinadai 24, wao wana 20. Samaki watakuwa majini, hela ya chakula hakuna. Uwiano wako unafaa pale ambapo mwaka mmoja tu unabana na mradi unaweza kukatwa vipande. Hapa jaribuni makundi, mengi yanakufa haraka: vizimba pamoja na chochote vinapita 20 mwakani, kwa hiyo vinabaki peke yake na NPV 15. Barafu na vichanja ni NPV 21. Barafu na boti zinakula 40 sasa na 16 mwakani, NPV 25. Hapo ndipo pa kushika.

Ila bakaa ya mwaka huu inahamia mwakani? Ikihamia, vizimba na boti vinawezekana: zinabaki 10, mwakani mnakuwa na 30, mnahitaji 28. NPV 24, bado iko nyuma kidogo.

Mvuvi_Igombe: Inahamia. Kwa hiyo milioni 4 tu ndizo zinatunyima ile 31?

Hesabu_Nyakato: Ndiyo, na zinawagharimu 6 za NPV. Mkopo wa 4 kwa riba ya asilimia 30, ukilipwa ndani ya mwaka, ni milioni 1.2. Mimi ningekopa. Au faida ya barafu izibe pengo, mradi iingie kabla ya kulipia vizimba. Msiijumlishe tena kwenye NPV, imo tayari.

Kapeto: Sawa, nimekubali hiyo ya mwakani. Lakini barafu na umeme wetu huu?

Mvuvi_Igombe: Shida ni wazee. Wameshasema faida ya barafu inagawanywa Desemba, na neno mkopo hawataki kulisikia. Jumamosi tunakaa.