Bosi amenianika kwa imeili mbele ya wakala, madereva na mhasibu, kisa dola 295

KotesheniSakina

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nipo kampuni ya safari hapa Arusha, kitengo cha buking. Wiki iliyopita nilituma kotesheni ya wageni 9, magari 2, Serengeti na Ngorongoro. Ada ya kushuka kreta inalipwa kwa gari, dola 295 ukijumlisha kodi. Nikaweka gari 1. Kosa ni langu, silikatai. Jedwali nililitoa kwenye kundi la zamani la wageni 4, na pale kwenye mstari wa kreta kulikuwa na 295 tupu iliyoandikwa kwa mkono, haizidishwi na idadi ya magari. Nilibadilisha idadi ya wageni, mengine yakajipanga yenyewe, mstari ule ukabaki vilevile. Sikuuona.

Sasa sikilizeni. Jana saa tano na dakika arobaini usiku bosi anajibu kwenye mazungumzo yaleyale na wakala wa Nairobi, anabonyeza Reply all. Kwenye Cc kuna mhasibu, madereva wawili, meneja wa magari na binti wa mafunzo kazini mwenye wiki tatu. Nanukuu:

"Hii ni mara ya ngapi? Kazi yako ni kujumlisha na kuzidisha, mtoto wa darasa la nne anaweza. Kama umechoka sema, vijana wenye diploma za utalii wamejaa pale Mnara wa Saa."

Mara ya ngapi? Ya kwanza! Miaka miwili sijawahi kukosea ada ya hifadhi. Na wakala ni Mkenya, Kiswahili anakisoma vizuri tu. Asubuhi naye akabonyeza Reply all: "Pole sana dada." Hiyo pole iliniuma kuliko tusi lenyewe. Leo dereva mmoja kaniuliza getini, "Darasa la nne, umeamkaje?"

Hakuna mahali kwenye imeili ile pameandikwa nirekebishe nini. Hata neno kreta halimo! Nimelitafuta.

BosiPiaNiMtu

Pole, lakini mimi nina kampuni ndogo ya magari matatu. Dola 295 mara safari kumi ni mshahara wa mtu. Bei ikishathibitishwa kwa wakala huwezi kumrudia umwambie "samahani, tulisahau". Hasira yake ni ya haki. Alichokosea ni Cc tu.

MamaUtumishi

Cc siyo "tu", mkuu. Ukimkosoa mtu mbele ya watu sita, akili yake inahama kwenye jedwali inakwenda kwa wale sita. Atatumia siku nzima kujitetea kwao. Kosa lenyewe litabaki pale pale kwenye mstari wa kreta, na kundi lijalo mtalipia tena.

Nimekaa utumishi muda mrefu, hotelini na kwenye makampuni ya safari. Imeili za aina hii nyingi zinazaliwa na jambo moja dogo: mtu anajibu ndani ya mazungumzo ya mteja. Ukifanya hivyo majina yote yanakuja yenyewe. Mimi nafungua imeili mpya, na sehemu ya To naiacha wazi mpaka nimalize kuandika. Ukiiandika usiku, ilale kwenye rasimu. Gmail inakupa sekunde 30 tu za kubonyeza Undo, na hizo ni kama umezipanga mwenyewe kwenye mipangilio, la sivyo ni chache zaidi.

Bosi wako angeweza kuandika hivi, kwako peke yako:

"Kichwa: Mstari wa ada ya kreta, kundi la wageni 9

Habari dada. Kwenye kotesheni uliyotuma Jumanne, ada ya kushuka kreta imehesabiwa kwa gari 1. Magari ni 2, kwa hiyo tumepungukiwa dola 295, na bei tumeshaithibitisha. Nimefungua jedwali nikaona namba hiyo imeandikwa kwa mkono. Ndivyo ilivyotokea, au kuna kitu sijakiona? Naomba uurekebishe mstari huo uzidishwe na idadi ya magari, kisha upitie kotesheni nyingine za wiki hii zilizotoka kwenye jedwali hilo. Nitumie kesho kabla ya saa kumi. Nipo ofisini kuanzia saa mbili tukihitaji kuongea."

Hakuna kubembeleza hapo. Hasara imetajwa kwa namba. Ila kilichoshtakiwa ni mstari, na lile swali la katikati lina kazi yake: pengine jedwali alilitengeneza bosi mwenyewe.

KotesheniSakina

Alilitengeneza yeye. Nilikuwa sitaki kusema.

MchagaWaKiborloni

Afadhali wewe unaandikiwa. Huku Moshi bosi wetu anatuma sauti kwenye grupu la WhatsApp, dakika nne, na kuku wanasikika nyuma. Sasa hiyo ada ya kreta mkishalipa gari moja, haiwezekani la pili likapita tu?

MamaUtumishi

Ndugu yangu, uzi hauhusu kukwepa ada 😂

WakiliWaKijiwe

Dada, hilo tayari ni onyo la maandishi. Yakifika matatu kazi huna. Jiandae kwenda CMA, kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi.

MamaUtumishi

Nusu. Maandishi ni ushahidi, kwa hiyo usiifute hiyo imeili. Lakini kukaripiwa usiku siyo onyo rasmi. Onyo hujitambulisha kuwa ni onyo na linawekwa kwenye kumbukumbu. Tena kanuni za utendaji bora, zile za Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinatenganisha utovu wa nidhamu na utendaji hafifu. Kwenye utendaji mwajiri anatakiwa kukuelekeza na kukupa muda wa kujirekebisha. "Mtoto wa darasa la nne" siyo maelekezo.

BosiPiaNiMtu

Sawa, nimekuelewa. Ndiyo maana mimi naandika kwa wote bila jina: "Ndugu wafanyakazi, imeonekana baadhi yetu hatuko makini na ada za hifadhi." Simwaibishi mtu.

KotesheniSakina

Mkuu, tupo wawili buking. "Baadhi yetu" ni nani?

MamaUtumishi

Hapo umemwaibisha kwa kitambaa usoni. Aliyekosea anajua, wenzake wanajua, na asiyehusika anakosa usingizi bure. Kosa la mmoja liende kwa mmoja. Kwa wote peleka jedwali lililorekebishwa, bila historia yake.

Na wala usianze na "unafanya kazi nzuri sana, lakini". Watu wakishazoea, kila ukiwasifu wanasubiri kipigo. Kama kosa limejirudia baada ya kuandikiwa vizuri, acha imeili, mwite mkae. Maandishi yafuate baadaye, yaseme mlichokubaliana.

MchagaWaKiborloni

Aombe radhi kwa watu walewale wa Cc? Mimi nasema ndiyo.

BosiPiaNiMtu

Kwa wakala hapana, utaanika kampuni mara ya pili.

MamaUtumishi

Kwa wa ndani ndiyo. Kwa wakala kwa kweli nimegawanyika. Labda apige simu.

KotesheniSakina

Wakuu, imeili imeingia sasa hivi. Kichwa hakuna. Ndani maneno mawili: "Njoo kesho." Cc hamna mtu. Tumbo linaniuma.

MamaUtumishi

Mjibu hivi: "Nitakuja saa mbili na jedwali la kreta lililorekebishwa. Kuna kingine nije nacho?" Akijibu utajua unaitiwa nini. Na hilo jedwali lirekebishe usiku huu.

KotesheniSakina

Limeshazidishwa. Nimetuma.