Naomba ushauri: nimweleze vipi kocha kwamba mwanangu hatacheza mechi zilizobaki?

MzaziWaBeki

Ndugu zangu, mwanangu ana umri wa miaka 13 na ni beki wa kulia. Aliumia kifundo cha mguu mazoezini, na ingawa picha ya eksirei haikuonyesha mpasuko, daktari alipobonyeza ncha ya mfupa upande wa nje mtoto alipiga kelele, ndipo akaeleza kwamba huenda limeumia lile eneo laini ambalo mfupa hukulia, akamfunga plasta kwa wiki 3. Msimu umebakiza wiki 5, na daktari amesema wazi kwamba hatacheza tena hadi utakapokwisha. Tatizo ni kwamba kocha amesikia kwa watoto wenzake habari ya wiki 3 tu, na tayari anampanga kwa nusu fainali. Nimwandikie nini, bila kumfanya aone kuwa ninamlaumu?

Mpenda_Kabumbu

Pole sana. Omba barua ya daktari uiambatanishe, kwa sababu kocha hawezi kubishana nayo. Plasta ikishatolewa, mtoto avae soksi ya kubana kifundo na aanze kukimbia polepole na wenzake, ili asipoteze pumzi.

Kocha Mstaafu

Kuhusu barua ninakubaliana nawe, ila hilo la soksi lisimpoteze mzazi. Siku plasta inapotolewa ndipo kazi inapoanza: kifundo huwa kimekakamaa, na kigimbi cha mguu huo huonekana chembamba kuliko cha pili hata kwa macho. Soksi hairudishi nguvu za msuli. Mtoto huanza kwa kutembea bila kuchechemea, kisha kusimama kwa mguu mmoja, kunyanyuka kwa vidole, kurukaruka kwa mguu huo, halafu kukimbia mbele. Kugeuka ghafla na kukabana huja mwisho kabisa, na beki wa pembeni anaishi kwa kugeuka ghafla.

Sisi makocha tukisikia tarehe, tunaihesabu kuwa ya kurudi uwanjani. Ndiyo maana ujumbe wako utenganishe mambo hayo mawili katika sentensi ya kwanza. Mimi ningependa kupokea maneno kama haya:

«Kocha, shikamoo. Plasta ya mwanangu itatolewa baada ya wiki 3, lakini daktari hajamruhusu kucheza wala kufanya mazoezi na timu kwa kipindi chote kilichobaki cha msimu huu. Baada ya plasta ataanza mazoezi ya tiba, na ruhusa ya kurudi itatolewa na daktari. Ninakuarifu mapema ili uandae beki mwingine. Angependa kuendelea kuja kuitazama timu, ikiwa utaona inafaa.»

Usiandike «huenda» wala «tutaona». Mwenye fainali mbele yake hulishika neno hilo, na siku ya mechi atamwuliza mtoto mwenyewe kama anajisikia vizuri. Sijamwona bado mtoto wa miaka 13 anayejibu hapana.

MamaFidla

Mimi ningeanza kwa kuuliza kama ni lazima abaki katika timu hiyo. Binti yangu hupiga fidla, na alipoumia kifundo cha mkono kabla ya onyesho la mwisho, mwalimu alikubali apumzike, kisha akamwomba apige «ule wimbo mfupi tu». Maumivu yalirudi usiku uleule. Tulimwondoa.

MzaziWaBeki

Mama, ninakushukuru, lakini sina nia ya kumwondoa. Kocha huyu amemlea vizuri. Nimetuma ujumbe wa Kocha Mstaafu karibu kama ulivyo, pamoja na barua. Amejibu kwa upole kwamba amemwelewa daktari, kisha akauliza kama mtoto anaweza kuvaa jezi na kukaa benchi siku ya fainali, «kwa ajili ya moyo wake».

Kocha Mstaafu

Kukaa na wenzake ni jambo jema, na mtoto aliyeumia akitengwa huumia mara mbili. Jina kuingia kwenye orodha ya wachezaji wa akiba ni jambo jingine, kwa sababu linachukua nafasi ya mtoto mzima, na beki mwingine akiumia, macho yote yatamgeukia mwanao. Mwulize kocha kama anaweza kukaa karibu na benchi akiwa amevaa nguo za mazoezi, bila kuandikishwa.

Mpenda_Kabumbu

Hapo sikubaliani. Kanuni za mashindano mengine haziruhusu asiyeandikishwa kukaa karibu na benchi, na mtoto akipelekwa jukwaani peke yake atajiona mgeni. Aandikishwe, mradi kocha aahidi kwa maandishi kwamba hatamwingiza.

MzaziWaBeki

Nitaziuliza kwanza kanuni za mashindano yetu. Ahadi ya maandishi naona itamkera, ila suala la orodha nitalitaja kabla ya nusu fainali.